Ratiba ya Wiki Tatu: Kemia, Kidato cha Sita
Kila siku saa 1–3 usiku, Jumapili pumzika.

Wiki ya 1, ogania. Jumatatu–Jumanne: chora isoma zote 7 za C₄H₁₀O. Jumatano–Ijumaa: alkeni; CH₃CH=CH₂ + HBr hutoa CH₃CHBrCH₃ kwa wingi. Jumamosi: alkeni→alkoholi→asidi bila daftari, kila mshale na kitendanishi chake.

Wiki ya 2, elektrokemia. Jumatatu–Jumatano: E°seli = E°kathodi − E°anodi; Zn/Cu: 0.34 − (−0.76) = 1.10 V. Ukizidisha nusu-mlinganyo kwa 2, E° usiiguse. Hapo ndipo maksi hupotea. Alhamisi–Jumamosi: elektrolisisi. Ampea 2 kwa dakika 30 (geuza ziwe sekunde!) ni 3600 C, yaani shaba gramu 1.18.

Wiki ya 3. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: mtihani uliopita, kwa saa. Siku zinazofuata: rudia ulipokosea tu.