Pendekezo la Mradi wa Mbolea Vunde na Bustani ya Mboga Shuleni

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule
Kutoka: Klabu ya Mazingira

Kwa siku 10 za masomo tulipima kila ndoo ya maganda iliyotoka jikoni na kila gunia la majani yaliyofagiwa uwanjani, tukapata wastani wa kilo 18 kwa siku. Taka hizo huchanganywa na plastiki na kupelekwa dampo, ambako huoza bila hewa ya kutosha na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Wakati huohuo, udongo ulio nyuma ya madarasa umeshupaa: tulikandamiza ardhini kopo lililokatwa kitako, tukamwagia lita moja ya maji, nayo ikachukua dakika 14 kunywea. Tunaamini kwamba taka hizo ndizo tiba ya udongo huo.

Malengo
Tunakusudia kutenganisha taka zinazooza papo hapo zinapozalishwa, kuzigeuza kuwa mbolea, na kulima matuta sita ya mboga, kila moja likiwa na urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2. Lundo litapangwa kwa tabaka za maganda mabichi na majani makavu, litageuzwa kila wiki, na unyevu wake utakuwa ule wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama, mifupa na mafuta havitaingia, kwa kuwa huvuta panya na kuleta uvundo, jambo ambalo majirani wana haki ya kulihofia.

Bajeti
Tunaomba kiasi kilekile ambacho shule hulipa kwa muhula mmoja kuzolewa taka. Asilimia 40 itanunua mbao na wavu wa visanduku vitatu vya mita moja ya ujazo kila kimoja. Asilimia 25 majembe, uma na ndoo. Asilimia 15 mizani na kipimajoto, kwani mizani tuliyotumia ilikuwa ya kuazima. Asilimia 10 mbegu. Na asilimia 10 akiba. Kazi ya mikono ni ya wanafunzi na wazazi waliojitolea.

Matokeo yatakayopimwa
Katika siku 190 za masomo, angalau kilo 2,700 za taka, yaani takriban asilimia 80, hazitafika dampo. Joto la lundo litaandikwa daftarini kila siku ya masomo, nasi tunataka lifike nyuzi 55 za Selsiasi, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu. Jaribio la kopo litarudiwa kila muhula mahali palepale, kwa lengo la kushuka hadi dakika 5, na mavuno, tunayokadiria kuwa kilo 90, yatapimwa kabla ya kuingia jikoni.

Likizo ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, maana bustani isiyomwagiliwa kwa wiki mbili hukauka. Kwa hiyo familia 12 zimekwisha kujiandikisha kwa zamu, na matuta yatatandazwa majani makavu ili yahifadhi unyevu.

Tunaiomba Bodi itoe uamuzi kabla ya muhula huu kufungwa, ili visanduku vijengwe wakati wa likizo na lundo la kwanza lianze siku ya kufungua shule.