Ratiba ya Jukwaa: Usiku wa Tuzo za Wafanyakazi, Dar es Salaam

Nakala ya 4, Ijumaa. Nakala 1 hadi 3 zichanwe. Wageni 240, meza 24. Inashikwa na mshereheshaji, fundi sauti, fundi taa, fundi skrini, itifaki na meneja wa jukwaa.

Saa zote ni za tarakimu 24, kama zinavyosomeka kwenye mitambo: 19:00 ni saa moja kamili usiku. Kwenye redio hatusemi "saa moja". Mwingine ataisikia kuwa 13:00.

Meneja wa jukwaa peke yake ndiye anayeamuru. Sekunde 30 kabla ya tukio: "Kaa tayari, taa." Fundi anajibu: "Taa tayari." Likija neno SASA, anabonyeza. Neno hilo lisitumike redioni kwa jambo lingine lolote, hata salamu.

16:00 Jaribio la sauti. M1 mshereheshaji, M2 akiba yake, M3 mimbari, M4 watoa tuzo. Kila maiki itembezwe hadi mbele ya spika. Ikianza kulia, ishushwe hapo hapo, kwa sababu washindi watapita njia hiyo.

17:00 Mshereheshaji anasoma majina yote kwa sauti mbele ya ofisa rasilimali watu. Jina lenye utata liandikwe kwenye kadi jinsi linavyotamkwa.

17:45 Mafundi wanakula. Baada ya hapo hakuna anayeondoka kwenye mtambo.

18:00 Milango wazi. Muziki wa chini, nembo kwenye skrini.

18:55 Mshereheshaji yuko nyuma ya jukwaa, M1 imewashwa lakini imezibwa kwenye mikisa.

19:00 Taa za ukumbi zishuke hadi asilimia 30. Video ya ufunguzi, sekunde 90.

19:02 Mshereheshaji anaingia. Dakika 3.

19:05 Mgeni rasmi anaingia, wageni wanasimama. Asipokuwa amefika, itifaki iseme ifikapo 18:50, na vyeti vya 19:15 vitangulie hapa. Havimhitaji yeye.

19:09 Mkurugenzi mtendaji, M3. Dakika 6; kadi ya njano dakika ya 5.

19:15 Vyeti vya utumishi wa miaka 10: watu 12, wanaitwa wanne wanne.

19:21 Bufee, mistari minne. Meza sita zinaitwa kila dakika 5. Zikiitwa zote kwa pamoja, foleni inaziba njia ya washindi. 19:50 betri mpya M1 na M4.

20:06 Tuzo 1 hadi 4, dakika 3 kila moja. Mpangilio ni ule ule kwa zote:

0:00 mshereheshaji anataja kundi.
0:20 video ya wawaniaji, sekunde 45, M1 izibwe.
1:05 mtoa tuzo anapewa bahasha na M4.
1:15 jina linatamkwa. Slaidi ya mshindi inafuata sauti, haiitangulii. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi: fundi anasikia "na mshindi ni" akabonyeza, ukumbi ukashangilia kabla bahasha haijafunguliwa. Subiri jina lote liishe.
1:18 wimbo na spotilaiti kwenye njia. Wawaniaji wote wamekaa meza 1 hadi 6, hivyo kutembea hakuzidi sekunde 35.
1:55 kukabidhiwa, picha, sekunde 20. Mshindi anashuka kushoto. Anayefuata anapandia kulia.
2:15 mshereheshaji anaunganisha, meza ya ngao inapangwa.

Bahasha, ngao na slaidi zina namba moja: bahasha 5, ngao 5, S5A wawaniaji, S5B mshindi. Washindi wa 1 hadi 8 hawapewi maiki.

20:18 Ngoma, dakika 6.

20:24 Tuzo 5 hadi 8.

20:36 Mgeni rasmi, M3. Dakika 8.

20:44 Tuzo kuu. Mshindi anazungumza dakika 2, M4.

20:49 Picha ya pamoja. Taa za jukwaa zote juu. Spotilaiti izimwe, inatupa vivuli usoni.

20:54 Shukrani. Kisha muziki hadi 22:30.

Tukichelewa. Dakika 6: ngoma inaondoka. Dakika 9: na video za tuzo 5 hadi 8 pia. Meneja wa jukwaa anaonyesha kadi nyekundu. Mshereheshaji asitangaze kilichoondolewa. Wachezaji ngoma waambiwe na itifaki mapema, si wakiwa wamesimama pembeni ya jukwaa na mavazi.

Umeme ukikatika. Mikisa na kompyuta ziko kwenye betri ya akiba, ila spika na projekta haziko. Jenereta ikishika, sauti inarudi kwanza. Taa ya projekta inahitaji muda kupata moto. Mshereheshaji abaki mwangani mwa taa za dharura, asipige kelele, aendelee fundi sauti akiinua kidole gumba. Tuzo inayokatizwa inarudiwa kutoka 1:05, si kutoka mwanzo.