Mpango wa Uendeshaji: Kiwanda Kidogo cha Siagi ya Karanga

Kiwango cha kazi

Kiwanda kitapokea kilo 200 za karanga zilizobanguliwa kwa siku, siku 5 kwa wiki, zamu moja. Kilo hizo hazitoki zote upande wa pili. Uchambuzi wa awali utaondoa takribani kilo 12, ukaangaji utakausha kilo 9 za maji, maganda yatachukua kilo 7, na kiasi kidogo kitabaki mashineni. Tumepanga kupata kilo 168 za siagi, yaani chupa 420 za gramu 400, sawa na katoni 35 za chupa 12. Hesabu zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya namba hizo, na mezani pa uchambuzi ndipo zitakapofikiwa au kukwama.

Wasambazaji

Nusu ya karanga itatoka kwenye kikundi kimoja cha wakulima chenye ghala lake, asilimia 30 kwenye kikundi cha pili, na asilimia 20 kwa mfanyabiashara wa nafaka. Huyu wa tatu ni ghali zaidi, lakini tutanunua kwake kila mwezi hata pale wakulima wanapotutosheleza, kwa sababu msambazaji anayekumbukwa siku ya shida tu hana sababu ya kututanguliza.

Mkataba utataja mambo ambayo tunaweza kuyapima mlangoni: unyevu usiozidi asilimia 7, karanga za msimu mmoja bila kuchanganywa na za zamani, magunia safi ya kilo 50 yenye namba ya kikundi. Mzigo ukizidi unyevu unarudi siku hiyohiyo, na gharama ya kuurudisha ni ya muuzaji.

Sumukuvu ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika biashara hii. Fangasi wanaoitengeneza huishambulia karanga shambani wakati wa ukame, kisha humea zaidi pale inapokaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye joto na unyevu. Haina harufu wala ladha ya kututahadharisha, na joto la kukaangia haliimalizi. Kwa karanga zinazokwenda kusindikwa, Kodeksi, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka kikomo cha mikrogramu 15 kwa kilo. Sisi tutapokea zisizozidi 10, na pale sheria inapodai chini ya hapo tutafuata sheria. Sampuli itachotwa kutoka kila gunia la mzigo, isagwe na kuchanganywa, ndipo kipimo cha haraka kifanyike. Punje chache tu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, hivyo kuchota gunia moja na kuridhika ni kujidanganya.

Akiba ya karanga itakuwa ya wiki 6, tani 6, juu ya chaga na mbali na kuta. Chupa na vifuniko tutanunua kwa msambazaji mmoja, akiba ya miezi 2, maana kifuniko kisichokaza vizuri kinasimamisha ufungashaji wote. Chumvi, lebo na gesi havina ugumu. Mtungi wa akiba wa gesi usikose.

Mtiririko wa uzalishaji

Jengo litagawanywa kwa ukuta: upande mbichi na upande uliokaangwa. Karanga inaingia kwenye kikaangio upande mmoja na kutokea upande wa pili. Aproni za upande mbichi ni za buluu, za upande wa pili ni nyeupe, na ndoo, beleshi au brashi havivuki ukuta. Ukaangaji ndiyo hatua pekee inayoua bakteria. Salmonela akiingia baada ya hapo hataongezeka ndani ya siagi kavu, ila anaweza kuishi humo kwa miezi.

Saa 1:30 asubuhi kikaangio kinaanza na karanga zilizochambuliwa jana. Mikupuo ni 4, kila mmoja kilo 47, joto la nyuzi 160 za Selsiasi kwa takribani dakika 45. Mkaangaji analinganisha rangi na sampuli rasmi kabla ya kufungua, kisha anaandika joto, muda na namba ya toleo. Karanga zinapoozwa mara moja kwenye trei yenye feni. Zikiachwa zirundikane, joto la ndani huendelea kuzikaanga na ladha huwa chungu. Zikishapoa zinakwenda kwenye mashine ya kumenya.

Wachambuaji wataanza asubuhi na karanga mbichi za kesho. Saa 4:00 watabadilisha aproni, watanawa na kuhamia upande wa pili kuchambua zilizomenywa, kwa kuwa ganda likitoka ndipo doa jeusi linaonekana. Saa 7:15 mchana watarudi kwenye mbichi hadi saa 9:45. Punje iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye ukungu au iliyobadilika rangi inatoka. Punje hizi zitapimwa, zitaandikwa na kuteketezwa. Hatutaziuza kama chakula cha mifugo, hata mnunuzi aje na fedha mkononi: sumu hiyo hupita kwenye maziwa na kumrudia mtu.

Usagaji unaanza karibu saa 6:15 mchana, baada ya karanga kupita kwenye sumaku. Zinasagwa mara mbili, chumvi ikiongezwa kwa asilimia 1. Siagi isizidi nyuzi 70, ikikaribia hapo msagaji anapunguza kasi ya kulisha. Ujazaji unaanza saa 7:15 mchana na kuisha saa 10:00. Mafuta hupanda juu kwa asili yake, nasi hatuongezi kigandisho, hivyo lebo itasema "koroga kabla ya kula", pamoja na tahadhari ya mzio wa karanga. Chupa 3 za kila toleo zinabaki ghalani hadi muda wake wa matumizi upite.

Usafi upande uliokaangwa ni wa kukausha: brashi, mpapuro na kifyonza vumbi. Maji humwamsha bakteria aliyelala kwenye ufa. Mara moja kwa wiki sehemu za kinu zinafunguliwa, zinaoshwa katika chumba tofauti na kukaushwa kabisa kabla ya kurudi.

Vifaa

Kikaangio cha pipa linalozunguka, cha gesi, kilo 50 kwa mkupuo, trei ya kupoozea, mashine ya kumenya, kinu cha siagi cha chuma cha pua, kilo 100 kwa saa, kijazio cha mkono, mizani mbili, kipima unyevu, kipimajoto, meza mbili za uchambuzi zenye taa nyeupe kali. Kwenye meza hizi hatutabana matumizi, kwani mwanga hafifu unapitisha punje mbovu. Vipuri vya kinu, hasa mawe ya kusagia, mikanda na sili, vitakuwa stoo kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Fundi wa mkataba atakuja kila mwezi.

Wafanyakazi

Watu ni 11: meneja wa uzalishaji, msimamizi wa ubora, mkaangaji, msagaji, wachambuaji 4, wafungashaji 2 na mtunza ghala. Msimamizi wa ubora atawajibika moja kwa moja kwa mmiliki, na neno lake la kusimamisha toleo halitapinduliwa na meneja.

Wachambuaji watalipwa kwa siku, kamwe si kwa kilo. Anayelipwa kwa kilo ataharakisha, na kazi hii inataka jicho lisilo na haraka. Makadirio ni kilo 10 za mbichi kwa saa kwa kila mmoja, pamoja na mapumziko mafupi ya macho kila saa. Asipofika mmoja, mkaangaji atapunguza mkupuo mmoja kesho yake. Hatutawasukuma watatu wafanye kazi ya wanne.

Kila mashine itakuwa na mtu wa pili anayeijua: mfungashaji mmoja atafunzwa kinu, mchambuaji mmoja atafunzwa kikaangio. Wiki 2 za mwanzo tutakwenda na kilo 100 kwa siku. Tutapanda hadi 200 pale matoleo 5 mfululizo yatakapopita vipimo vyote na kumbukumbu zake kukamilika.