Wazo la habari: wakulima wa mwani Paje wanajifunza kuogelea

Kaka Salim, habari za kazi?

Mwani aina ya kotoni, unaolipa kuliko spinosamu, haustawi tena maji madogo hapa Paje. Joto limezidi: unapauka, unakatika kambani. Sasa akinamama waliozoea kulima maji yakiwa magotini, wengine wana wajukuu, wanajifunza kuogelea ili wapande kilindini.

Wasomaji wako wanautumia mwani kila asubuhi bila kujua; unga wake ndio unaoipa uzito dawa nyingi za meno.

Bamvua lijalo tutakuwa majini. Watatu wameridhia kuhojiwa na kupigwa picha, na ngarawa ipo. Ukiitaka, nijibu kabla ya Ijumaa niwaambie wasipange kazi nyingine.

Mwanaidi
Katibu, kikundi cha wakulima wa mwani, Paje