Dokezo: Wateja wanaposema "betri", wanasema mambo manne

Kwa: Mkurugenzi wa Uendeshaji, Wakuu wa Kanda za Mwanza, Geita na Kagera
Kutoka: Dawati la Takwimu za Wateja
Tarehe: 14 Agosti 2025
Yah: Mada zinazojirudia kwenye slaidi za maoni ya wateja wa sola, na mapendekezo

Slaidi 38 za maoni ya wateja zilizowasilishwa mwezi uliopita zinahitimisha kwamba tatizo letu kubwa ni ubora wa betri, na slaidi ya 36 inapendekeza tuagize betri 1,500. Tumeyasoma upya maoni yote ya maneno, si yale 143 tu yaliyochaguliwa kupambia slaidi, na hatukubaliani na hitimisho hilo. Kati ya wateja 171 waliolalamikia betri, wenye betri iliyochoka kweli ni 36. Tunaomba agizo lishuke hadi betri 400, na sehemu ya fedha itakayobaki irekebishe mambo matatu yaliyoelezwa hapa chini.

Tulivyosoma

Kampuni iliyofanya utafiti ilitupa faili la eksel lenye maoni 487. Watu wawili waliyasoma kila mmoja peke yake, wakaandika sababu kwa maneno ya mteja kabla ya kuipa jina la mada. Kwenye maoni 50 ya majaribio walikubaliana kwa 39. Karibu tofauti zote zilitokana na neno "betri", na hapo ndipo tulipojua pa kuchimba. Mteja amehesabiwa mara moja tu ndani ya mada moja, ila anaweza kuonekana kwenye mada mbili, kwa hiyo hesabu za mada zisijumlishwe.

Slaidi zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Asilimia za slaidi ya 11 ni za majibu, za slaidi ya 12 ni za watu. Zimewekwa ubavu kwa ubavu na rangi zilezile, na tayari kuna taarifa moja ya kanda iliyozilinganisha. Wastani wa kuridhika wa 3.9 kati ya 5 (slaidi ya 6) unachanganya wateja wapya na wa zamani: walio chini ya miezi sita wametoa 4.4, waliozidi miezi 18 wametoa 3.3. Mauzo yakipanda, wastani huo utapanda hata kama hakuna tulichorekebisha.

1. "Betri mbovu" (wateja 171)

Mteja hutaja anachokiona. Taa ikizima, kwake betri imekufa. Tulipolinganisha maneno yake na kumbukumbu za malipo na za fundi, yakatoka makundi manne.

Wateja 62 wana tatizo la paneli. Maneno yao yanafanana: taa hufifia kwanza, kisha huzima saa mbili au saa tatu usiku, na hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua. Kwenye kadi za ufungaji tunaona paneli chini ya mwembe, paneli iliyoegemezwa ukutani kwa sababu paa ni la nyasi, paneli inayoingizwa ndani jioni kwa kuhofia wezi na kutolewa asubuhi jua likiwa limeshapanda. Huku kwetu karibu na ikweta paneli kuelekea kaskazini au kusini si jambo kubwa. Kivuli ndicho kinachoua. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo tawi moja likifunika pembe tu, umeme hupungua kuliko ukubwa wa eneo lililofunikwa. Paneli iliyolazwa bapa nayo hukusanya vumbi, kwani maji ya mvua hayateremki.

Wateja 44 hawana hitilafu yoyote: siku walizolipia zilikwisha na sola ikajifunga. Hawa hawasemi taa "zinafifia", wanasema "zimekatika", na saa wanayoitaja ni ileile, saa sita usiku, ambayo ndiyo saa mfumo unafunga. Mmoja alisema, "Betri yenu inajua saa, ikifika sita inakufa." Slaidi ya 19 imemnukuu kama ushahidi wa betri mbovu.

Wateja 29 wanatumia kuliko uwezo wa seti: redio tangu alfajiri, na simu za majirani tano au sita kwa siku, nyingine kwa malipo. Hiyo ni biashara, na Idara ya Mauzo iwape bei ya seti kubwa.

Wanaobaki, 36, ndio wenye betri zilizochoka. Kati yao 24 wana seti za zaidi ya miezi 30.

2. "Nimelipa, giza" (wateja 118)

Hii ndiyo mada yenye hasira zaidi, na slaidi zimeigawa sehemu tatu (mtandao, huduma kwa simu, malipo) hadi ikaonekana ndogo. Tumefuatilia malipo 60 kwenye mfumo. 31 yalikosewa namba ya kumbukumbu; zina tarakimu tisa, na aghalabu zinazobadilishana nafasi ni mbili za mwisho. Mengine 17 yalifanywa kwa wakala, tokeni ikatumwa kwenye simu iliyolipa, yaani simu ya wakala, naye ana ujumbe mwingine mia. 12 tu ndiyo mfumo wetu ulichelewesha.

Linalozidisha maumivu ni saa. Malipo mengi huingia kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, wakati dawati la simu linafungwa saa 11. Mteja akikosea tokeni mara tatu, kibodi hujifunga kwa dakika 30, naye hajui. Anaendelea kubonyeza, kisha anaamini kifaa kimekufa. Asubuhi anapiga simu kulalamikia, bila shaka, betri.

3. Fundi (wateja 96)

Tulitarajia malalamiko ya kuchelewa. Yapo: kwa kitabu cha kazi, nusu ya wateja wa Mwanza husubiri siku 4 au zaidi, nusu ya wale wa Kagera siku 9 au zaidi. Lakini wengi hawataji idadi ya siku. Wanataja kuambiwa "fundi anakuja" bila tarehe. Mtu anakatiza shamba siku mbili kusubiri mtu asiyetokea.

Zito kuliko hilo, wateja 33 wanasema waliombwa nauli ya bodaboda. Slaidi ya 29 imeyaweka maneno haya chini ya kichwa "Mtazamo wa wafanyakazi", penye asilimia ya tabasamu. Hatupendekezi kuanza na adhabu. Posho ya usafiri ni ileile kwa kilomita 5 na kwa kilomita 60, na kati ya hao 33, wateja 27 wako zaidi ya kilomita 25 kutoka kituo cha fundi. Tukiacha posho ilivyo, tutamfukuza fundi mmoja na wa pili ataomba vilevile.

4. "Deni haliishi" (wateja 74)

Mkataba ni malipo ya awali ya shilingi 30,000, kisha shilingi 500 kwa siku kwa siku 730 zilizolipiwa, jumla shilingi 395,000. Mteja anasikia "miaka miwili". Siku asizolipa hazihesabiwi, hivyo mwenye kuruka siku kumi kila mwezi atamaliza baada ya takriban miaka mitatu. Hakuna aliyedanganywa, ila hakuna mahali mteja anapoona zimebaki siku ngapi.

Bei yenyewe imetajwa na wateja 19 tu. Punguzo la bei lililopendekezwa kwenye slaidi ya 37 halina msingi katika maoni haya.

Mapendekezo

Betri 400, si 1,500. Waliohojiwa wenye seti za zaidi ya miezi 30 ni 212, na 24 kati yao, yaani asilimia 11, wana betri iliyochoka. Tuna wateja 3,200 wa umri huo, kwa hiyo tunatarajia betri zipatazo 360. 40 ni za akiba. Seti changa zenye tatizo ziko ndani ya dhamana na zibadilishwe kwa msambazaji. Uwiano huu unatokana na waliojitolea kusema, hivyo huenda ni mdogo kuliko hali halisi. Bohari ipime tena mwisho wa Novemba kabla ya agizo la pili. Betri yoyote isitoke bohari kabla dawati la simu halijauliza maswali matatu na kuandika majibu: taa hufifia au hukatika ghafla? Paneli hupata jua kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Zimebaki siku ngapi?

Saa ya kufunga ihamishwe kutoka saa 6 usiku hadi saa 4 asubuhi. Ni badiliko la mpangilio tu, timu ya mfumo inasema ni kazi ya wiki moja. Mteja atajua mapema kwamba siku zimeisha, wakala atakuwa wazi, nasi tutakuwa kazini. Pendekezo hili tunalipatia uzito kuliko yote kwa sababu linagusa mada mbili na gharama yake ni ndogo.

Tokeni itumwe daima kwenye namba iliyosajiliwa, hata kama simu iliyolipa ni nyingine, na ujumbe huohuo utaje siku zilizobaki hadi kumaliza mkataba: "Umelipia siku 7. Zimebaki siku 412 sola iwe yako." Dawati la simu lifanye kazi hadi saa 3 usiku kwa zamu ya watu wawili. Mkuu wa Mfumo na Mkuu wa Dawati, kufikia 30 Septemba.

Posho ya fundi ilipwe kwa kilomita, na ujumbe wa kupanga ziara utaje siku, nusu ya siku na maneno "Huduma ya fundi ni bure." Waanze Kagera, Oktoba. Kipimo kiwe idadi ya ziara zilizofanyika siku iliyoahidiwa. Wastani wa siku za kusubiri uachwe, maana unaweza kupungua huku watu wakiendelea kukatiza shamba bure.

Ambao hatukuwasikia

Utafiti ulipiga simu 1,150. Waliojibu ni 612, wasiopokea au waliokataa 237, na 301 simu zao hazikupatikana. Tuliangalia hao 301 kwenye mfumo: sola za 188 zimefungwa kwa zaidi ya siku 30. Wengi wao huchajia simu kwenye sola hiyohiyo. Kwa maneno mengine, tuliwapigia wateja waliokatiwa chaji tukashangaa simu zimezima. Tunaomba mafundi wa Geita na Kagera, kwenye ziara zao za Septemba, wawatembelee 60 kati yao na karatasi ya maswali matano tuliyoambatisha. Majibu yatufikie kabla ya kikao cha bajeti cha 20 Oktoba.