Hotuba ya mwalimu mkuu akitangaza jumla ya harambee ya paa la shule, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mgeni wetu wa heshima, bwana mwenyekiti wa bodi, mashekhe na maustadhi, walimu wenzangu, wazee wetu mliovuka maji kutoka Manda na Mokowe, mama zangu mliokuja kwa miguu kutoka Langoni na Mkomani na jua hili: hamjambo nyote.

Najua mmechoka. Pilau imeshaliwa, chai imekwisha, na adhana ya alasiri haiko mbali. Wengi mmebaki kwa ajili ya neno moja tu: ni ngapi? Nitawajibu, lakini niruhusuni nianze kwa kumkosoa mfawidhi wetu, ambaye nampenda kama ndugu. Nusu saa iliyopita alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba tumepata shilingi 1,062,515, mkapiga vigelegele hadi mbuzi wa mnada akashtuka. Vigelegele vilikuwa vizuri. Hesabu ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Mimi na mweka hazina tumejifungia ofisini na madaftari mawili, la fedha na la ahadi, tukayasoma mstari kwa mstari. Tukakuta jina moja limeingia kwote kuwili. Bwana huyo aliahidi 100,000, akatoa 40,000 papo hapo, zikaandikwa kwenye daftari la fedha. Kwenye la ahadi zikaachwa 100,000 zilezile, badala ya 60,000 zilizobaki. Basi 40,000 zake tumezihesabu mara mbili. Kosa ni letu sisi wa mezani, si lake, na naomba mtu asigeuke kumtazama.

Sasa sikizeni. Nitawasomea mafungu mawili, na sitayachanganya mpaka mwisho.

Fungu la kwanza ni fedha zilizopo, zinazoshikika. Bahasha na noti zilizoletwa mezani ni 214,350. Zilizoingia kwa M-Pesa ni 163,400, nyingi kutoka kwa vijana wetu walioko Mombasa na Nairobi. Hapa tumehesabu kilichoonekana kwenye salio, si picha za ujumbe mlizotuonyesha kwenye simu. Kama umetuma na jina lako halikusomwa, nione kabla hujaondoka.

Mnada umeleta 26,000: kofia ya vito 9,000, mbuzi 14,500, sahani ya halua 2,500. Halua yenyewe, nimeambiwa, imeliwa kabla mnunuzi hajafika nayo kwenye kiti chake.

Kisha kuna kapu lililopita kwa watoto na kina mama. Hilo lilituchukua muda kuliko yote, maana ni sarafu tupu. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya daftari la hesabu iliyokunjwa mara nne, na ndani ya karatasi sarafu moja ya shilingi 20. Juu ya karatasi, kwa penseli, mtoto ameandika: 50 toa 20, baki 30. Ameweka hesabu yake sawa kuliko sisi wakubwa. Kapu lina 18,265.

Jumlisheni nami: 214,350 na 163,400 ni 377,750. Ongeza 26,000, inakuwa 403,750. Ongeza kapu, 18,265. Fedha tulizonazo mkononi ni shilingi 422,015.

Sasa pigeni vigelegele. Hizi ni halali yake.

Fungu la pili ni ahadi. Wameahidi watu 31, na baada ya kurekebisha lile kosa, daftari linasema 508,000. Kuna cheki mbili, moja ya 50,000 na nyingine ya 30,000. Wenye cheki wasinikasirikie: nimeziweka huku kwenye ahadi, kwa sababu cheki ni karatasi mpaka benki iseme neno lake. Na kuna jogoo. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena, na mnunuzi wa mwisho amefika 12,500 lakini hakuwa na pesa mfukoni. Naye yuko kwenye ahadi. Kwa hiyo 508,000, na 80,000 za cheki, na 12,500 za jogoo: ahadi zote ni 600,500.

Fedha 422,015, ahadi 600,500. Jumla ya harambee yetu ya leo ni shilingi milioni 1, elfu 22, mia 5 na 15. Narudia kwa wale wa nyuma chini ya mwembe: 1,022,515.

Alhamdulillahi. Milioni tumeivuka, hata baada ya kutoa zile 40,000.

Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hafichi alama. Tulikuwa tukitafuta 1,350,000 kwa paa la madarasa mawili, mifereji, na matangi ya maji ya mvua. Bado 327,485. Na katika tulizopata, zaidi ya nusu ni maneno. Nyote mnaujua msemo wa ahadi na deni, sina haja ya kuusema. Ninachosema ni kwamba fundi hapokei deni, na mwenye duka la mabati Mokowe hapokei.

Kwa hiyo bodi imekubaliana hivi. Tunaanza na fedha tulizonazo. Shule ikifungwa Agosti, mafundi wanapanda juu ya darasa la nne, lile ambalo chumvi imekula mabati mpaka ukikaa dawati la nyuma unaona mawingu. Darasa la tano linasubiri ahadi. Najua wavuvi wengi mmesema mtalipa kusi ikipoa, na ni haki, bahari hii ya Julai haimpi mtu kitu. Ila vuli nayo haitusubiri. Aliye na uwezo wa kulipa kabla ya mwisho wa Septemba, atakuwa ametuokoa. Anayetaka kulipa kidogo kidogo, alete kidogo kidogo, risiti ataandikiwa kila mara.

Kuna vitu sikuvitia kwenye jumla kwa sababu sikujua nivipe bei gani. Nahodha mmoja amejitolea jahazi lake kuvusha mabati na simiti kutoka Mokowe, safari zote, bila nauli. Mzee mwingine ametoa punda wanne wa kubeba kutoka gatini hadi hapa. Jamaa wa Matondoni wametoa korija mbili za boriti za jukwaa la mafundi, yaani miti 40. Anayejua nauli za mizigo za siku hizi ataelewa kwamba hao hawakutoa kidogo.

Mambo mawili ya haraka. Fedha zote zinakwenda benki Jumatatu asubuhi, nami nitafuatana na mweka hazina na mzazi mmoja mtakayemchagua nyinyi. Karatasi ya benki itabandikwa mlangoni mwa ofisi. Pili, hii ni harambee, si karo. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu babake hakutoa. Akitokea mwalimu wa kusema vinginevyo, nileteeni habari.

Naisikia adhana, basi nimalize. Risiti zinatolewa meza ya kushoto, ahadi zinasahihiwa meza ya kulia. Na jogoo yuko kwa bawabu, amefungwa mguu kwenye nguzo ya lango. Mwenyewe akileta 12,500, apewe.