YAH: OMBI LA KUPITIA TAKWIMU ZA SAA YANGU KABLA YA KUANZA JIMU

Tabata, Dar es Salaam
14 Julai 2025

Daktari Bingwa wa Magonjwa ya Moyo,
Kliniki ya Moyo,
Dar es Salaam.

Daktari, shikamoo na pole kwa kazi.

Nina miaka 54, uzito kilo 91, urefu sentimeta 172. Nina presha tangu 2019 na natumia amlodipini miligramu 5 kila asubuhi. Wiki hii nikipima nyumbani inasoma kati ya 134/82 na 141/88. Sukari haijawahi kuwa juu. Sigara niliacha 2014. Baba mzazi alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 58, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukuandikia kabla sijagusa chuma hata kimoja.

Nimevaa saa ya mkononi inayopima mapigo kuanzia tarehe 1 Juni hadi 12 Julai, usiku na mchana. Usiku 3 ilikuwa kwenye chaji, kwa hiyo zimebaki rekodi za usiku 39. Nikiwa nimepumzika mapigo ni 68 hadi 73 kwa dakika. Nikilala hushuka hadi 57. Hayo hayanitii hofu. Ninayoomba uyaangalie ni haya.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni, saa 8:14, mapigo yalipanda ghafla kutoka 60 hadi 118, yakakaa hapo dakika 11, kisha yakashuka ghafla vilevile. Sikuamka, na jioni ile sikunywa kahawa wala pombe. Halafu tarehe 2 na 9 Julai saa ilitoa onyo la mapigo yasiyo na mpangilio, mara zote mbili nikiwa nimekaa. Mara ya pili nilichukua kipimo cha ECG cha sekunde 30 papo hapo. Kwenye skrini ikaandika "Inconclusive". Huenda mkono ulitikisika, ila mchoro wenyewe nimeuhifadhi kama PDF, na jicho lako litaona kama ni mtikisiko au ni moyo. Najua ECG ya saa hutazama moyo kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo hata ingeandika kwamba mpangilio ni wa kawaida, isingeniambia kama mishipa ya moyo imeziba.

Kuna siku moja nakuomba uiruke. Tarehe 29 Juni, nikitembea kwa kasi dakika 20, saa ilionyesha mapigo 130 bila kupanda wala kushuka. Nilisimama, nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, nikahesabu 26 kwa sekunde 15, yaani 104 kwa dakika. Hatua za matembezi yale zilikuwa 2,600, sawasawa na 130 kwa dakika. Mkanda ulikuwa umelegea na saa ilikuwa inahesabu hatua badala ya mapigo. Tangu siku hiyo naivaa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono na kuikaza kabla ya kutembea.

Kwa mkanda uliokazwa nilipanda ngazi ghorofa 4 bila kupumzika tarehe 6 Julai. Mapigo yalifika 148, baada ya dakika 1 yakawa 131, baada ya dakika 2 yakawa 112. Kifua hakikuuma, sikuona kizunguzungu, ila nilihema kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi.

Mwalimu wa jimu ameniandikia siku 3 kwa wiki: mashine ya kukimbilia dakika 20, kusukuma uzito kwa miguu na kwa kifua, na kuanzia wiki ya pili mbio fupi za kasi hadi mapigo 165. Kanuni ya 220 kutoa umri inanipa kikomo cha 166, na yeye ananitaka nikiguse wiki ya pili! Kanuni yenyewe ni wastani wa watu wengi, si kipimo cha moyo wangu.

Kwa hiyo nauliza: tukio la tarehe 23 na maonyo mawili yanahitaji kuvaa kipimo cha moyo cha saa 24 au zaidi? Nifanye kwanza kipimo cha kukimbia kwenye mashine chini ya uangalizi wako, pamoja na eko? Mapigo yasizidi mangapi miezi 3 ya mwanzo? Na vyuma: naogopa kubana pumzi wakati wa kusukuma kwa sababu hupandisha presha ghafla, hivyo nahitaji kujua niishie uzito gani.

Nimeambatanisha kurasa 6: jedwali la mapigo ya kila siku, mchoro wa usiku wa tarehe 23, ule wa ECG, presha za asubuhi na jioni za siku 7, majibu ya kolesteroli ya Aprili na ratiba ya mwalimu. Naweza kufika Jumanne au Alhamisi yoyote kabla ya saa 4 asubuhi. Hadi utakaponijibu natembea tu, dakika 30 kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, na jimu nimewaambia wanisubiri.

Wako,
Hamisi